Maneno Yanayobeba Kiungo

Mkulima ameketi barazani, simu mkononi, magunia manne ya mahindi yameegemea ukuta nyuma yake. Anasoma makala ya mtandaoni kuhusu kuhifadhi nafaka. Katikati ya aya anakutana na maneno haya: “Kabla ya kufunga gunia, hakikisha mahindi yamekauka. Kujua namna ya kupima unyevu, bonyeza hapa. Kuhusu mifuko ya kuhifadhia, bonyeza hapa.” Kila “hapa” ina rangi ya bluu na mstari chini yake. Anagusa mojawapo, anasubiri, bando linaliwa, na ukurasa unaofunguka ni wa mifuko. Yeye alitaka kupima unyevu. Kidole kilidhani kimegusa neno la kwanza, kumbe kimegusa la pili, na maneno yenyewe yanafanana herufi kwa herufi.

Kosa hapo si la kidole. Kiungo ni mlango, na maneno yanayoonekana juu yake ndiyo kibao cha mlangoni. Mwandishi wa makala ile alijenga milango miwili kisha akaandika “mlango” juu ya yote miwili.

Wajenzi wa tovuti huyaita maneno hayo maneno ya kiungo. Katika lugha ya kurasa za wavuti, yaani HTML, hukaa kati ya alama mbili zinazoanzishwa na herufi “a”, ambayo ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya nanga. Sehemu ya kwanza hubeba anwani ya ukurasa unaokwenda. Kinachofuata ndicho anachokiona msomaji:

```
<a href="/kupima-unyevu">kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi</a>
```

Anwani husomwa na kivinjari. Maneno husomwa na watu, na tena husomwa na injini za utafutaji kama Google. Jambo ambalo wengi wenye tovuti hawalijui ni kwamba injini hizo huyahesabu maneno hayo kuwa maelezo ya ukurasa ule wa pili, ule unaoelekezwa, hata kama hayamo kabisa ndani yake.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1994 Oliver McBryan wa Chuo Kikuu cha Colorado alikwisha kuitumia mbinu hiyo katika mojawapo ya injini za kwanza kabisa za kutafuta kurasa. Miaka minne baadaye Sergey Brin na Larry Page, wakiwa wanafunzi wa uzamivu Stanford, waliandika maelezo ya kitaalamu ya mtambo wao mpya, huo uliokuja kuwa Google. Walieleza kwamba maneno ya kiungo mara nyingi huueleza ukurasa kwa usahihi zaidi kuliko ukurasa unavyojieleza wenyewe. Sababu yake inaeleweka. Mtu akijitambulisha husema anayopenda kuyasema. Jirani akimtambulisha husema anachojulikana kwacho. Tena yapo mambo, kama picha, yasiyo na maneno ya kusomwa na mashine, na maneno ya kiungo ndiyo pekee yanayoweza kuyatambulisha. Katika kurasa milioni 24 walizokuwa wamezikusanya wakati huo, wanafunzi hao wawili waliorodhesha maneno ya viungo zaidi ya milioni 259.

Nguvu hiyo ilionekana wazi mwaka 2003, tena kwa kishindo. Watu wengi waliokuwa na tovuti zao walikubaliana kuweka viungo vya kwenda kwenye wasifu wa Rais George W. Bush katika tovuti ya Ikulu ya Marekani, na kila kiungo kikabeba maneno ya Kiingereza yenye maana ya “kushindwa kwa aibu”. Ukurasa wenyewe haukuwa na maneno hayo popote. Hata hivyo mtu aliyeyaandika kwenye Google aliletewa wasifu wa rais ukiwa juu ya orodha. Ilichukua hadi Januari 2007 kwa Google kutangaza kwamba imebadilisha hesabu zake ili kupunguza hila za aina hiyo. Na mwezi Aprili 2012 ikaja awamu nyingine ya mabadiliko, safari hii ikizibana tovuti zilizonunua au kutengeneza viungo bandia vyenye maneno yaleyale mamia kwa mamia.

Lakini mikasa hiyo ilihusu viungo vinavyotoka nje, kwenye tovuti za watu wengine. Mwenye tovuti hana mamlaka juu ya jinsi wengine wanavyomtaja. Viungo vya ndani, vile vinavyotoka ukurasa wake mmoja kwenda ukurasa wake mwingine, ni vyake kwa asilimia mia. Anachagua viwekwe wapi, anachagua viseme nini, na anaweza kuvirekebisha leo hii bila kumwomba mtu ruhusa. Inasikitisha kwamba hapo ndipo panapopuuzwa kuliko pote.

Ili kuona kazi yenyewe inavyofanyika, ifaa kurudi kwa yule mkulima na kuchukua tovuti ya mfano, ya ushauri wa kilimo, yenye kurasa 40. Kurasa nne kati ya hizo zinahusu kuhifadhi mahindi. Wa kwanza unaeleza kukausha mahindi baada ya kuvuna. Wa pili unaeleza kipimo cha chumvi na chupa. Wa tatu unahusu mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wakulima wengi wanaijua kwa jina la PICS. Wa nne ni kuhusu sumukuvu.

Ukurasa wa kipimo cha chumvi ni wa thamani kubwa kwa msomaji asiye na mashine ya kupimia. Unaeleza kwamba mtu huchukua chupa ya kioo iliyo kavu, akaijaza mahindi hadi robo au theluthi, akaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, akafunga na kutikisa kwa dakika kadhaa, kisha akaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi kwa kuhifadhiwa. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya takriban asilimia 15. Ni elimu ambayo mtu anaweza kuitumia jioni ileile. Hata hivyo mwenye tovuti anashangaa kuona karibu hakuna anayeufikia ukurasa huo, si kwa Google wala kutoka kurasa nyingine.

Hatua ya kwanza ni kuchora jedwali lenye safu tatu: ukurasa kiungo kinapotoka, maneno ya kiungo, na ukurasa kinapokwenda. Kwa tovuti ndogo kazi hiyo hufanyika kwa kalamu na daftari katika mchana mmoja. Kwa iliyo kubwa kidogo zipo programu zinazopita ukurasa kwa ukurasa na kutoa jedwali zima. Screaming Frog, kwa mfano, hufanya hivyo bila malipo hadi anwani 500. Huduma ya Google iitwayo Search Console nayo husaidia, kwa kuwa huonyesha kila ukurasa una viungo vingapi vya ndani, ila haionyeshi viungo hivyo vimesema nini. Kwa hiyo jedwali haliepukiki.

Jedwali la ukurasa wa chumvi linatoa mistari saba. Mitatu inasema “hapa”. Miwili inasema “soma zaidi”. Mmoja unasema “makala hii”. Wa saba ni picha ya chupa ambayo mtu akiigusa hupelekwa huko, lakini picha haina maelezo yoyote ya maandishi. Saba kati ya saba hazitaji chumvi, wala unyevu, wala mahindi. Ndani ya tovuti ya mwenyewe hakuna hata sauti moja inayosema ukurasa ule unahusu nini.

Marekebisho huanza na sentensi yenyewe, na hapa Kiswahili kina ukarimu wake. Kitenzi kikivaa “ku-” kinakuwa jina, kwa hiyo tendo linaweza kutajwa katikati ya sentensi bila kuivuruga. Badala ya “Kujua namna ya kupima unyevu, bonyeza hapa”, mwandishi anaandika: “Kabla ya kufunga gunia, ni lazima kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi na chupa.” Maneno sita, “kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi”, ndiyo yanayobeba kiungo. Msomaji hakuamriwa kubonyeza chochote, na kibao cha mlango kimeandikwa. Shirika la W3C, linalosimamia kanuni za wavuti, lilitoa ushauri wa kuepuka “bonyeza hapa” tangu mwaka 2001, na hoja yake ilikuwa hiyohiyo: maneno ya kiungo yataje kitu, yasizungumzie kubonyeza.

Ipo swali la wapi kiungo kianze na wapi kiishie, na wengi hukosea pande zote mbili. Wapo wanaoweka kiungo kwenye neno “mahindi” peke yake. Tovuti nzima inahusu mahindi, kwa hiyo neno hilo halibagui kitu. Wengine hukiburuta kiungo kutoka mwanzo wa aya hadi nukta ya mwisho, msomaji asijue ni jambo lipi kati ya matano yaliyotajwa linalomngoja upande wa pili. Kipimo kinachofaa ni kuyafunika kwa kidole maneno yote yaliyo kando na kubakiza yenye rangi tu. Mtu asiyeijua tovuti akiulizwa “Hii inakwenda wapi?” na akajibu sawasawa, maneno yanatosha. Akijibu kwa kubahatisha, bado.

Maneno ya mwanzo yana uzito kuliko ya mwisho, maana jicho linalopitia orodha halisomi, linaruka. Mwaka 2009 Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliwaonyesha watu herufi 11 tu za mwanzo za viungo na kuwauliza wanadhani nyuma yake kuna nini. Kipimo hicho ni kikali, na kinaumbua tabia moja iliyoenea katika kurasa za Kiswahili. “Jinsi ya kupima unyevu”, ukihesabu na nafasi, hutumia herufi zote 11 kuandika “Jinsi ya ku”. Msomaji ameambiwa kwamba kuna namna ya kufanya kitu, hajaambiwa kitu gani. Orodha ya makala kumi zinazoanza hivyo ni ukuta wa milango inayofanana. “Kupima unyevu wa mahindi” hutumia herufi 11 hizohizo kufika “Kupima unye”, na hapo tayari mkulima amenusa anachotafuta. Katika kichwa cha makala “jinsi ya” inaweza kuwa na mahali pake. Kwenye kiungo mara nyingi inaweza kuachwa bila hasara.

Baada ya maneno kuja picha. Injini ya utafutaji haipati maneno kwenye picha iliyofanywa kiungo, hivyo huchukua yale yaliyoandikwa katika sehemu ya maelezo yake, iitwayo `alt`. Picha ya chupa inakamilishwa hivi:

```
<a href="/kupima-unyevu"><img src="chupa.jpg"
alt="Kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi"></a>
```

Sehemu hiyo ikiwa tupu, na hakuna maandishi mengine ndani ya kiungo, mlango umebaki bila kibao.

Kosa linalofuata katika jedwali ni gumu zaidi kuliona, kwa sababu maneno yake yanaonekana mazuri. “Kuhifadhi mahindi” yanatokea mara tano. Mara tatu yanakwenda kwenye ukurasa wa mifuko, mara mbili kwenye ukurasa wa kukausha. Kila kiungo kikitazamwa peke yake hakina ubaya. Vikikaa pamoja vinagombana: mwenye tovuti anasema kurasa mbili tofauti ni kitu kimoja, na injini inabaki kupima ipi imstahili mtu anayetafuta kuhifadhi mahindi. Siku nyingine italeta huu, siku nyingine ule. Msomaji naye, akirudi kutafuta alichosoma jana, anafika kwingine.

Dawa yake ni uamuzi, kisha uandishi ufuate. Katika tovuti hii ya mfano unafaa ukurasa mmoja mama, wenye jina la “Kuhifadhi mahindi baada ya mavuno”, unaoeleza safari nzima kwa ufupi na kuelekeza kwenye zile nne. Maneno “kuhifadhi mahindi” yanakuwa mali ya ukurasa huo peke yake. Ukurasa wa kukausha unaitwa kwa kukausha, wa mifuko unaitwa kwa mifuko isiyopitisha hewa. Kanuni ni ya upande mmoja: maneno yaleyale yasipeleke watu kurasa mbili, lakini ukurasa mmoja unaweza kuitwa kwa maneno zaidi ya moja.

Tena inafaa uitwe hivyo, hasa penye lugha yenye majina mengi kwa kitu kimoja. Ukurasa kuhusu mdudu anayetoboa punje unaweza kutaja dumuzi, ambalo ndilo jina lake la kawaida. Lakini wapo wakulima wa Tanzania waliompa jina la Skania, na ndilo watakaloliandika wakimtafuta. Sumukuvu nayo, ile sumu ya ukungu wa nafaka, kwenye vipeperushi vingine huitwa aflatoksini. Mwandishi anayetumia “sumukuvu kwenye mahindi” katika makala moja na “aflatoksini katika nafaka” katika nyingine, viungo vyote viwili vikielekea ukurasa uleule, hajakosea. Amewakaribisha watu wawili wanaosema jambo moja kwa majina mawili. Kwa nafasi hiyo viungo vya ndani hufanya kazi ambayo ukurasa wenyewe, wenye kichwa kimoja tu, hauwezi kuifanya.

Yupo atakayesikia haya yote na kukimbilia upande wa pili. Ataandika kiungo kama “mahindi bora kuhifadhi mahindi bei ya mahindi Tanzania mahindi makavu”, akiamini kwamba ameilisha injini. Sera za Google dhidi ya ulaghai zinakataza kurundika maneno ya utafutaji namna hiyo, na msomaji naye hukisoma kiungo kama hicho kama anavyousikia ukelele wa mpiga debe. Dalili ya kuvuka mpaka ni rahisi kuitambua: sentensi isomwe kwa sauti. Kama hakuna mtu ambaye angeitamka hivyo mezani, maneno yamerundikwa. Vivyo hivyo viungo vinne vilivyobanwa bega kwa bega, kila neno na ukurasa wake, huonekana machoni kama kiungo kimoja kirefu. Kila kimoja kinahitaji maneno ya kawaida pembeni yake, kwa kuwa hata hayo huwasaidia watu na mashine kuelewa.

Upo pia mpaka wa uwezo wa maneno haya. Hayaufanyi ukurasa mbovu kuwa mzuri. Kama ukurasa wa chumvi hausemi chupa ijazwe kiasi gani wala isubiriwe muda gani, kiungo kizuri kitamfikisha msomaji haraka zaidi kwenye sikitiko. Wala ukurasa uliopewa kiungo kizuri haupandi juu ya orodha kesho yake. Injini lazima ipite tena, isome upya, ilinganishe na tovuti nyingine zinazoandika juu ya jambo hilohilo, na ina mambo mengine mengi inayoyapima. Kinachobadilika mara moja ni upande wa watu.

Na katika watu hao, wasioona ndio wanaogharamika zaidi kwa “soma zaidi”. Msomaji asiyeona hutumia kisoma skrini, programu inayotamka yaliyo kwenye kompyuta. Mojawapo ni NVDA, ya bure, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona, kisha akaungana naye James Teh, naye pia asiyeona. Huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo Kiswahili ni miongoni mwa lugha inazozitamka. Mtumiaji akibonyeza NVDA+F7 hupewa orodha ya viungo vyote vya ukurasa, vimetolewa ndani ya sentensi zao. Ndiyo njia ya mkato ya asiyeweza kurusha macho. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, toleo la mwaka 2008, unadai katika kifungu cha 2.4.4 kwamba lengo la kiungo lifahamike kutokana na maneno yake pamoja na muktadha uliokizunguka. Kifungu cha 2.4.9, cha daraja la juu zaidi, kinadai yafahamike kwa maneno ya kiungo peke yake.

Kwenye tovuti ya mfano, kabla ya jedwali, orodha hiyo ya ukurasa mmoja tu ilisikika hivi: nyumbani, huduma, hapa, hapa, soma zaidi, makala hii, soma zaidi, hapa. Mtu aliyeisikiliza hakuwa na la kufanya isipokuwa kurudi juu na kusomewa makala yote kutoka mwanzo, sentensi baada ya sentensi, akitega sikio kila “hapa” inapopita.

Baada ya marekebisho, ukurasa ni uleule, viungo ni vilevile vinane, na anwani hazikubadilishwa hata moja. Kisoma skrini kinatamka: nyumbani, ushauri kwa wakulima, kukausha mahindi juani, kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi, mifuko isiyopitisha hewa, kumzuia dumuzi ghalani, sumukuvu kwenye mahindi, kuhifadhi mahindi baada ya mavuno. Anayesikiliza anaacha orodha iende hadi kiungo cha nne, kisha anabonyeza Enter.